Ukipenda Boga Penda na Ua Lake: Kanga ya Picha Yetu na Wakati wa Kuitoa Zawadi

Picha mnayoiona katika ukurasa unaoukabili huu ni ya kanga ya mama mmoja wa Louisville. Kabla kitabu hakijapelekwa mtamboni, picha ile ilipitishwa mikononi mwa jamaa wa Columbus na wa Buffalo, na kila aliyeiona alisema lake. Mmoja alisema hayo ni maneno ya arusi. Wa pili akasema hasha, hayo ni mafumbo, kanga hiyo ni ya kumpiga mtu kijembe. Na kijana mmoja aliyezaliwa hapa hapa Ohio, ambaye Kiswahili anakisoma kwa kuvutavuta, aliyasoma maneno kwa sauti kisha akauliza kwa mshangao kwa nini bibi zetu wajifunge nguo inayomwamuru mtu apende kisha aue. Kwa ajili ya maswali hayo nimeombwa niandike kurasa chache juu ya kanga hii: imetoka wapi, maneno yake yasemaje, na ni nani anayefaa kumpa nani.

Kwanza tuitazame yenyewe. Ni kanga ya pamba, urefu wake kama sentimeta 150 na upana kama 110. Pembeni pande zote nne imezungukwa na pindo pana jeusi lenye korosho nyekundu, yaani lile umbo lililopinda kama korosho ambalo mafundi wa kanga wamelitumia tangu zamani. Ndani ya pindo ndio mji, ambao hapa ni wa manjano wenye madoa madogo meupe. Na chini ya mji, juu kidogo ya pindo, pana kisanduku kirefu chembamba chenye herufi kubwa: UKIPENDA BOGA PENDA NA UA LAKE. Maneno hayo ndiyo jina la kanga. Mtu wa pwani akienda dukani hamwulizi muuzaji kanga hii ni rangi gani, kwa kuwa rangi anaiona. Humwuliza, "Jina lake nini?" na asipolipenda jina huirudisha mezani hata kama rangi imemkaa moyoni.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu hapa tumetoka Kongo ya mashariki na Burundi, na nguo tuliyoizoea ni kitenge. Kitenge nacho kina majina, na majina mengine ni makali kama pilipili, lakini majina hayo yamo midomoni mwa akina mama wauzaji. Anayevaa anaweza kulijua jina au asilijue, na akitaka kukana atakana. Kanga haikanwi, maana imeandikwa. Waliopitia Kigoma na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walikutana na kanga huko, wakaifunga wakati wa kupika na kubebea watoto, na wengine waliifunga miaka mingi bila kujali imeandikwa nini. Hapakuwa na kosa, kwani nguo ya msaada au ya soko la kambini huchaguliwa kwa kuwa ipo. Lakini inapokuwa zawadi mambo hubadilika, kama tutakavyoona.

Sasa historia, kwa ufupi, kwa kuwa ina jambo linalotuhusu sisi tunaoishi nchi hii. Kabla ya kanga wanawake wa mwambao walivaa kaniki, yaani nguo iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi, na nguo nyeupe nzito iliyoitwa merikani. Jina hilo halikuja hivi hivi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hii. Merikebu za Salem zilileta majora ya pamba yaliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ilipendwa kwa sababu ilikuwa nzito na haikuchakaa upesi, ikaingia bara mpaka maziwa makuu, na mahali pengi ilitumika kama fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini ya Marekani, na huko kwetu ilibebwa mabegani na wapagazi, pengine watumwa nao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo dada zetu wanaoona haya kutoka na kanga katika mitaa ya Louisville wakumbuke kwamba shina moja la nguo hiyo lilianzia nchi hii hii.

Shina la pili ni leso. Neno lenyewe ni la Kireno, na lilikuwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 leso za rangi ziliuzwa kwa majora, kila leso ikiwa mraba wake. Yasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua leso sita bila kukatwa moja moja, wakazikata tatu tatu na kuzishona pamoja, ikapatikana nguo moja pana yenye leso tatu juu na tatu chini. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo nzima iliyochapwa tayari kwa kipimo hicho. Baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe yaliyofanana na manyoya ya ndege aitwaye kanga, na inasemekana jina la kanga lilitoka hapo. Watu wa Mombasa bado huita leso, watu wa Unguja na Bara huita kanga, na hakuna sababu ya kugombana.

Maneno yalikuja baadaye. Yalipoanza kutiwa yaliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa maana ndizo walizosoma watu wa mwambao, na herufi za Kirumi zikafuata. Sifa ya kuyaeneza hupewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Kanga za nyumba yake zina alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", na mabibi wengi hawakubali kanga nyingine. Kwa muda mrefu kanga zilichapwa mbali, Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi na Japani, ingawa maneno yalitungwa pwani. Baada ya uhuru viwanda vya kwetu navyo vilichapa, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Na wapo humu wanaoikumbuka kanga ya mwisho wa mwaka 2008 iliyokuwa na picha ya rais mteule wa nchi hii na maneno "Hongera Barack Obama", na chini yake "Upendo na amani ametujalia Mungu". Iliyobaki sandukuni kwa mtu yeyote haifai kukatwa vitambaa vya jikoni.

Turudi kwenye boga. Yule kijana wetu alikwazwa na neno "ua", na kukwazwa kwake kuna sababu, maana neno hilo lina maana tatu. Kuna kuua, ambako amri yake ni "ua". Kuna ua wa nyumba, yaani uwanja uliozungushiwa fito au makuti, na wingi wake ni nyua. Na kuna ua la mti au la mmea, ambalo wingi wake ni maua. Linalotuonyesha ni lipi ni neno linalofuata. Kama ungekuwa ua wa nyumba kanga ingeandikwa "ua wake". Imeandikwa "ua lake", basi ni ua la kuchanua. Na si amri ya kuua, kwa sababu "na" ya hapa haiunganishi amri mbili, bali ina maana ya "pia", yaani ukilipenda boga, basi na ua lake pia ulipende.

Kwa nini boga, wala si embe au nanasi? Aliyelima anajua. Mmea wa maboga huwa na maua ya aina mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, hufunguka asubuhi moja, likasinyaa na kuanguka. Hilo akina mama wengi hulichuma na kulipika pamoja na majani. Ua jike hukaa juu ya kiboga kidogo cha kijani kama gololi, nalo ndilo linalotoa boga. Ukilichuma kabla nyuki hajapita, kile kiboga hugeuka manjano na kuoza, nawe huna ua wala boga. Na hata boga linapoanza kunenepa, ua lililonyauka hubaki limeng'ang'ania nchani kwa siku kadhaa, bovu, halipendezi macho. Mwenye kulitaka boga hulivumilia. Jamaa zetu wa Buffalo wenye vijishamba nyuma ya nyumba, ambao hupanda maboga mwishoni mwa Mei baridi ikishakatika, wamewaonyesha watoto jambo hili kwa vidole. Watoto wengine wa hapa wanalijua boga la mwezi wa Oktoba tu, lile la kuchongwa macho na kuwekwa mlangoni, au yale makubwa kama mapipa yanayopelekwa maonyesho ya Circleville, kusini ya Columbus, yaliyoanza mwaka 1903. Boga la namna hiyo hufika mjini halina ua, na methali haliwezi kuifundisha.

Sasa, ua ni nani? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye hatari. Ua laweza kuwa asili, yaani kitu ambacho boga limetoka kwake. Kwa maana hiyo ukimpenda mume, uwapende na wazazi wake na ndugu zake, maana bila wao usingempata. Na ua laweza kuwa kile kilichoshikamana na boga lilipokuja, kipendeze kisipendeze. Kwa maana hiyo ukimpenda mwanamke aliyekwisha kuzaa, umpende na mtoto wake. Wazee hawakuchagua moja ya maana hizo, na katika maisha ya kawaida methali hutumika kwa zote mbili. Lakini mtu anayeipokea katika kitambaa hana wa kumwuliza "umekusudia ipi?" Atatazama hali yake mwenyewe, na ataisoma kwa hali hiyo.

Jambo la pili ni kwamba maneno ya kanga ni usemi, na kila usemi una msemaji na msemwa. Kanga ikivaliwa, msemaji ni aliyevaa, na msemwa ni anayeitazama. Ndiyo maana wake wenza na majirani wa pwani waliweza kugombana mwezi mzima bila kufungua kinywa: mmoja hupita mbele ya mlango wa mwenziwe, jina la kanga likiwa limekaa sawasawa nyuma, kisha hurudi zake. Kanga ikitolewa zawadi, msemaji ni aliyetoa, na msemwa ni aliyepewa. Hili watu wengi hawalifikirii dukani. Huisoma kanga kama methali kitabuni, wakasema ni maneno mazuri juu ya upendo, wakalipa. Kitabuni ni maneno mazuri. Mkononi mwa mpewa ni maneno aliyoambiwa yeye.

Basi tazama tena jinsi jina letu lilivyoundwa. Halisemi "Apendaye boga hupenda na ua lake", ambayo ni namna nyingine ya methali hii hii, na ambayo humzungumza mtu yeyote bila kumshika shati. Linasema "Ukipenda... penda". Ni wewe, na ni amri. Tofauti ni ya herufi chache lakini uzito wake si mdogo. Namna ya kwanza hushuhudia jambo, na anayetoa aweza kuwa anajisemea mwenyewe: mimi ni mtu wa namna hiyo, nikilipenda boga nalipenda na ua. Namna ya pili huagiza.

Nitaeleza yaliyotokea katika arusi ya Louisville, kwa idhini ya waliohusika, bila kutaja majina. Bibi arusi alitoka Buffalo, naye alikuwa na binti wa miaka sita aliyemzaa kabla. Bwana arusi ni wa Louisville. Shangazi yake bwana arusi, anayekaa Columbus, ni mama mpole sana. Alifurahi kwamba mtoto anaingia katika ukoo, akataka kusema hivyo mbele ya watu. Alipata doti ya kanga hii, akaiona kama imetungwa kwa ajili ya arusi ile. Usiku wa kuamkia arusi akamfunika nayo bibi arusi mabegani, vigelegele vikapigwa.

Lakini upande wa mama wa bibi arusi vigelegele vilikatika upesi. Kule walikokaa, wanawake watatu waliisoma kanga ile kwa namna tatu. Wa kwanza alisema, "Wanamwambia awapende wakwe kabla hajala hata tonge lao. Je, alisema hawapendi?" Wa pili alisema, "La, wanamkumbusha kwamba amekuja na mtoto. Wamemwandikia mgongoni." Wa tatu, ambaye ndiye mama mzazi, hakusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Shangazi naye, aliyekuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, hakujua lolote. Alikuwa akifurahi.

Tuipime hali hiyo kwa kipimo tulichokitaja. Shangazi ni msemaji, bibi arusi ni msemwa. Boga, kwa anayeambiwa "ukipenda", ni yule ambaye bibi arusi anampenda, yaani mume. Ua la mume ni nani? Ni akina shangazi. Kwa hiyo maneno yakifuatwa sawasawa, yule mwanamke wa kwanza alisoma sahihi: kanga ilisema "tupende sisi". Mtoto hakuwamo kabisa katika maneno, kwa sababu mtoto ni ua la bibi arusi mwenyewe, na hakuna anayehitaji kumwagiza mama ampende mwanawe. Alichotaka kusema shangazi kilikuwa na msemwa mwingine, naye ni bwana arusi, na pamoja naye ukoo wao wote. Maneno yalikuwa sawa, mtu aliyeambiwa ndiye siye.

Aliyeokoa jambo alikuwa somo wa bibi arusi, bibi mtu mzima mwenye asili ya Mombasa. Alimwendea shangazi faraghani, akamwuliza kwa adabu, "Wifi yangu, maneno haya ulimkusudia nani?" Shangazi alipojibu "mwanangu na sisi wenyewe", yule bibi alisema, "Basi apewe yeye." Asubuhi, mbele ya pande zote mbili, shangazi aliichukua ile doti akamkabidhi bwana arusi mkononi, akamsomea jina lake, akamwonyesha yule binti wa miaka sita. Bwana arusi akaipokea, akampa mama yake aikate. Mama mtu alijifunga kipande kimoja kiunoni, na cha pili akakiweka mabegani mwa mtoto. Sasa kila mtu aliona nani anamwambia nani. Mama wa bibi arusi alilia, akasema na shangazi, na wawili wale hupigiana simu kila wiki. Bibi arusi alifunikwa kanga ya kisutu, ile ya zamani ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa desturi ya kale haina maandishi, na kwa hiyo haimsemi mtu. Kipande kilichopigwa picha ni kile cha mama wa bwana arusi.

Baada ya mfano huo kila mmoja aweza kupima mwenyewe, lakini nitataja hali nne au tano zinazotokea sana kwetu.

Kanga hii yafaa kutolewa na upande wa mke kwa mume, au kwa mama wa mume, pale mke anapoingia na mtoto, au na mama mzee anayemtunza, au na wadogo zake mayatima aliotoka nao kambini. Kwetu hali ya mwisho ni ya kawaida. Vijana wengi waliletwa hapa wakiwa walezi wa wadogo zao, na anayewaoa au kuolewa nao ameoa nyumba nzima. Hapo jina la kanga linasema kweli bila kumwumiza mtu, mradi litolewe waziwazi na mtu mwenye umri, wala si na rika la bibi arusi, kwa maana likitoka kwa rika husikika kama mzaha.

Yafaa pia mzazi kumpa mwanawe mwenyewe. Mama anaweza kumpa binti yake anayeolewa mbali, akimwagiza awapende wakwe. Amri ya mama kwa mwanawe haina ubaya, kwa kuwa ndiyo haki yake. Maneno yale yale yakitoka kwa mavyaa huwa dai. Ndiyo sababu namshauri mavyaa yeyote wa Columbus au kwingineko asiinunue kumpa mkwe wake, hasa mwaka wa kwanza. Akitaka maneno, achague yanayomsifu mpewa au yanayomwombea, nayo ni mengi sana.

Kwa mzazi aliyejifungua, sishauri kabisa. Mtu anaweza kudhani ua ni mtoto mchanga na boga ni mama, kumbe baba wa mtoto akiisoma anaweza kujiuliza kwa nini ahimizwe kumpenda mtoto wake mwenyewe. Swali hilo likiingia nyumbani halitoki upesi. Kwa uzazi chukua "Nani kama mama", ambayo haina pa kupindishwa. Msibani nako haifai, si kwa ubaya bali haina la kusema pale. Na kwa mwanamke aliyeachwa, au ambaye mumewe ameoa mke wa pili, ni tusi, hata kama aliyetoa hakujua kusoma. Boga, ua, na nani kapendwa: atayasoma yote.

Rafiki kwa rafiki, inategemea. Marafiki wawili wakigawana doti, kila mmoja kipande chake, jina hugeuka kuwa la wote wawili: ukinipenda wapende na wangu. Hiyo ni desturi nzuri ya zamani, na kanga hii huipokea vizuri. Lakini igawanywe mbele ya wote wawili. Ukimpelekea mwenzio kipande kwa posta, na chako umekiweka nyumbani asikione, amepokea amri tu.

Juu ya ununuzi nitasema kidogo. Duka nyingi za hapa, na wauzaji wa mtandaoni, huipiga picha kanga ikiwa imekunjwa, na jina halionekani. Usinunue mpaka umeonyeshwa maneno yote, herufi kwa herufi, kwa sababu "Ukipenda" na "Apendaye" zikikunjwa hazitofautiani. Tazama kwamba ni doti kamili, vipande viwili bado havijatengana na vyote viwili vina jina moja.  Usiifue kabla ya kuitoa, maana ule ugumu wa kiwandani ndio unaoonyesha ni mpya. Mwambie mpewa kwamba mara ya kwanza aifue peke yake kwa maji baridi, kwani pindo jeusi na korosho nyekundu huchuja, na mji wa manjano ukishaingiwa na wekundu hausafiki. Mama wa Louisville alifanya hivyo, na kama mnavyoona katika picha madoa meupe bado ni meupe. Kipande cha mtoto kilitiwa katika mashine pamoja na suruali za shule, na sasa ni cha rangi ya chungwa mpaka kwenye pindo, lakini jina linasomeka.